Barua ya Taa Iliyopewa Alama

Mwalimu Manase alikuwa mtu wa kalamu nyekundu. Kabla ya kuwa mkuu wa shule alifundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na hata sasa, kwa kuwa walimu hawakutosha, aliendelea kubeba vipindi vya Kidato cha Tatu. Karatasi yoyote iliyopita mikononi mwake ilitoka na alama. Aliwahi kusahihisha tangazo la mnada lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme karibu na geti, akaongeza herufi iliyokosekana, kisha akaondoka haraka kama mtu aliyefanya jambo la aibu. Kwa hiyo asubuhi ile ya Julai, ukungu ukiwa umeushika mlima Meru mpaka mabegani na ofisi ikiwa na baridi ya kumfanya mtu avae koti ndani ya nyumba, hakuona ajabu kukuta juu ya rundo la madaftari ya Kidato cha Tatu barua rasmi iliyoandikwa kwa mkono, kurasa mbili, yenye anwani mbili, tarehe, na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari kwa rula.

Wiki hiyo alikuwa amewapa kazi ya kuandika barua rasmi. Akavuta kiti, akaisoma.

YAH: PENDEKEZO LA KUFUNGA TAA ZINAZOJIWASHA NA KUJIZIMA MADARASANI.

Alipenda utangulizi. Alipenda namna hoja zilivyofuatana pasipo kugongana. Penye "gharama" aliona hesabu nyingi kuliko kawaida ya insha, akaandika pembeni, "Usizidishe takwimu." Penye "faida" akatia vema mbili. Mwishoni akaandika 17/20, na chini yake, "Vizuri sana. Ni ndefu kidogo." Akaiweka pamoja na madaftari mengine, na akiwa bado na kalamu mkononi akageukia jambo lililokuwa likimkosesha raha tangu Jumatatu: LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Shule ile ya kata, upande wa Moshono, ilikuwa na fungu dogo la umeme kila mwezi, na kwa miezi mitatu mfululizo fungu hilo lilikuwa likiisha kabla ya mwezi. Mita ilikuwa ikilia usiku, kisha giza. Wasichana wa hosteli walikuwa wakisoma prepo kuanzia saa moja hadi saa tatu, na giza lilipoingia walirudi vitandani na madaftari yao. Manase alikuwa amepima jambo hilo kwa muda mrefu, au alijiambia kwamba amelipima, na hatimaye akabandika tangazo ubaoni: kuanzia mwisho wa mwezi, prepo ya jioni itasitishwa mpaka hapo fungu litakaporuhusu. Aliliandika kwa Kiswahili safi, halikuwa na kosa hata moja.

Siku mbili baadaye mlango wa ofisi ukagongwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ingia, Rukaiya."

Rukaiya Uwesu wa Kidato cha Tatu A alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, hijabu yake nyeupe imepigwa pasi kwa uangalifu. Alikuwa msichana mwembamba, mtulivu, wa aina ambayo walimu huikumbuka wanapotaka mtu wa kwenda kuleta chaki. Mkononi alikuwa na ile barua.

"Mwalimu, alama nimeziona. Nashukuru."

"Umefanya vizuri. Ni ya pili kwa darasa zima."

"Ahsante, mwalimu." Akaileta barua mbele. "Lakini jibu sijaliona."

"Jibu gani?"

"La barua."

Manase alimtazama, akaitazama barua, na mara akaona kitu ambacho jicho lake la msahihishaji lilikuwa limekiruka: chini ya anwani, kwa herufi ndogo, "Kupitia kwa Mwalimu wa Darasa," na pembeni yake mwandiko wa Mwalimu Agnela: "Mkuu, naomba uisome. Nimehakiki hesabu." Hakuna mwanafunzi anayepitisha insha yake kwa mwalimu wa darasa.

"Kazi yangu ya insha ipo ndani ya daftari," Rukaiya alisema taratibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. "Niliandika kuomba nafasi ya ukarani. Nilipata kumi na tano."

Manase akaipokea barua. Hakujua aweke wapi macho yake. Alimwambia aende darasani, kwamba atamwita, na mlango ulipofungwa akakaa akiuangalia wino wake mwekundu kwenye karatasi ya mtu aliyekuwa akimwambia jambo la kweli.

Mwalimu Agnela, aliyefundisha Fizikia na kulilea darasa hilo, hakumhurumia sana walipokutana kwenye chai.

"Mkuu, mimi niliiweka juu ya madaftari kwa sababu meza yako haikuwa na nafasi nyingine. Sikujua ungeipa daraja."

"Ungeniambia."

"Nilikuandikia pembeni."

"Nilidhani ni sehemu ya zoezi."

"Basi mwandiko wangu nao ungeupa alama," Agnela alisema, akakoroga chai yake.

Jioni hiyo Manase aliisoma upya barua ile, safari hii kalamu ikiwa ndani ya droo.

Rukaiya alikuwa ameeleza kwamba shule ina madarasa kumi na mawili, kila moja na taa nne za mirija mirefu. Wakati wa mapumziko, na wakati wa vipindi vya michezo, yeye na mwenzake Namnyaki, kiranja wa darasa, walikuwa wamezunguka madarasa yote na kuandika ni yapi yenye taa zinazowaka huku hayana mtu, au huku jua limeingia madirishani kiasi cha kumtosha msomaji. Asubuhi za ukungu kila darasa huwasha taa saa moja. Saa nne ukungu unapopanda, hakuna anayekumbuka kuzima. Safu ya madarasa iliyo chini ya miti ya migrevilea, upande wa mlima, taa zake huwaka mpaka watu wanaenda nyumbani, na mara nyingine mpaka mlinzi apite.

"Kwa makadirio yangu," aliandika, "tunapoteza takriban uniti kumi kwa siku ya masomo. Prepo ya jioni hutumia madarasa matatu kwa saa mbili, nayo haizidi sana uniti moja. Kwa heshima, Mwalimu, umeme wa prepo ni kama fungu moja kati ya kumi ya umeme unaopotea mchana mbele ya macho yetu."

Manase alisimama hapo. Akatoa kikokotoo. Taa nne, pamoja na kifaa cha kuziwashia, karibu wati mia na themanini kwa chumba. Vyumba vitatu, saa mbili. Alirudia mara mbili, kwa sababu hakutaka iwe kweli. Uniti moja na kidogo. Kwa bei ya umeme wa mwezi ule, kama shilingi mia nne. Alikuwa amewanyima wasichana ishirini na kitu saa zao za kusoma kwa ajili ya kitu kisichozidi bei ya chapati moja kwa siku, na alikuwa ameandika uamuzi huo kwa Kiswahili safi.

Barua iliendelea. Ilipendekeza kila darasa lifungwe kifaa kimoja cha darini ambacho mafundi wa Ngarenaro hukiita sensa. Kifaa hicho huhisi joto la mwili wa mtu anayejongea. Chumba kikiwa na giza na mtu akaingia, huwasha taa, na kama hakuna anayejongea kwa muda uliopangwa, huzizima. Kina pia jicho la kupima mwanga, ili mchana mweupe taa zisiwake kabisa. Bei ya kifaa, shilingi elfu thelathini. Waya na ufundi, elfu ishirini kwa chumba. Jumla kwa shule nzima, laki sita. Umeme utakaookolewa, kama elfu sabini kwa mwezi wa masomo. "Nimeondoa likizo," aliongeza, "kwa sababu wakati wa likizo hatupotezi kitu, hivyo si haki kuzihesabu kama faida." Fedha ingerudi katika miezi tisa hivi ya masomo.

Halafu kulikuwa na aya ambayo Manase alikuwa ameitia vema mbili bila kuielewa. "Sisi wa hosteli hatuombi kitu kipya. Mimi nyumbani kwetu Ngarenaro tunalala sita chumba kimoja, na taa huzimwa mapema kwa sababu baba huamka alfajiri kwenda gereji. Hosteli ndiyo mahali pekee ninapoweza kusoma baada ya jua kuzama. Naamini si mimi peke yangu."

Kesho yake akamwita. Agnela naye alikuwepo.

"Swali langu ni moja," Manase alisema. "Kwa nini nisitoe amri tu? Kila kiranja azime taa akitoka. Haigharimu hata senti."

"Mwalimu, amri ipo," Rukaiya alijibu. "Ipo nyuma ya mlango wa kila darasa tangu nikiwa Kidato cha Kwanza. Tuliifuata wiki ya kwanza."

"Na wiki ya pili?"

"Wiki ya pili ilikuwa zamu ya watu wengine."

Agnela akacheka kwa pua. Manase aliona kwamba msichana huyu hakuwa akilalamika juu ya wenzake; alikuwa akieleza tabia ya taa na watu kwa usawa uleule, kama mtu aelezavyo mvua. Alijiuliza yeye mwenyewe, katika umri ule, angeweza kumwandikia mkuu wake wa shule jambo lolote zaidi ya kuomba ruhusa ya ugonjwa.

Wakakubaliana kujaribu chumba kimoja. Fundi mwenye leseni, Mikidadi, kaka wa mama yake Rukaiya, alikubali kufunga sensa katika Kidato cha Tatu A kwa bei ya kifaa tu. Akaja pia na mita mbili ndogo, zile ambazo wenye nyumba wa Ngarenaro huwafungia wapangaji ili kila mmoja alipie alichotumia. Moja akaifunga kwenye laini ya Tatu A, nyingine kwenye Tatu B, darasa la jirani lisilo na sensa. Mita zingesema zenyewe.

"Mjomba, weka dakika moja," Rukaiya alimwambia fundi aliyekuwa juu ya ngazi, karibu na meza ya mwalimu. Chini ya sensa kulikuwa na vifungo vitatu vya kuzungusha: cha muda, cha mwanga, na cha wepesi wa kuhisi.

"Dakika moja ni kali," Mikidadi alisema. "Mimi huiweka hivyo nikiwa najaribu tu."

"Kadiri inavyozima mapema ndivyo tunavyookoa zaidi."

"Haya. Mwenye mradi ni wewe." Akazungusha, akashuka, akajipangusa vumbi la dari.

Manase alitangaza kwamba Alhamisi, saa ya prepo, atakuja kuona mwenyewe. Hapo ndipo shule nzima ikafanya kosa ambalo shule kama ile tu ndiyo ingelifanya. Mkuu anakuja, basi pawe na nidhamu. Namnyaki, ambaye alikuwa na sauti ya kiranja hata alipokuwa akinong'ona, aliwapanga wasichana wote katika safu za nyuma ili mbele pabaki wazi na pasafi kwa ajili ya mgeni. Akawaagiza: asiinue mtu kichwa, asigeuke mtu, asichokoe mtu begi, asiyekuwa na kitabu ashike cha jirani. Atakayekohoa atamjua Namnyaki ni nani.

Manase alipoingia, taa zikiwa zimewaka vizuri, wasichana walisimama wote kwa pamoja. "Shikamoo, mwalimu!" Akaitikia, akawaambia wakae, naye badala ya kwenda mbele akajibanza kwenye kona ya nyuma, karibu na kabati, ili asiwasumbue. Akasimama wima. Darasa likatulia kiasi kwamba aliweza kusikia majani ya mgrevilea yakigusa bati. Hakuwahi kuona utulivu kama ule. Alikuwa akianza kuwaonea fahari, wasichana hawa wanaokaa kama waliochongwa, ndipo taa zote nne zikazima.

Giza likawa giza kweli. Hakuna aliyesogea, kwa sababu hakuna aliyeambiwa asogee.

"LUKU imekwisha," mtu akanong'ona.

"Haijaisha, Tatu B zinawaka."

"Nyamazeni," sauti ya Namnyaki ikasema.

Kimya kikarudi. Manase naye, kwa sababu ambayo hakuielewa hata baadaye, aliendelea kusimama wima gizani pamoja nao. Kisha sauti moja ikatoka katikati ya safu.

"Mwalimu, naomba ruhusa ya kusogea."

"Sogea, Rukaiya."

Kiti kikakwaruza sakafu. Hatua zikaelekea mbele, zikipapasa kati ya madawati, na alipofika karibu na meza ya mwalimu taa zikawaka ghafla, zikamkuta amesimama katikati ya sakafu ile safi, mkono mmoja juu, kama anayesimamisha gari.

Halafu Namnyaki, ambaye kiranja na mchekeshaji walikuwa wakiishi ndani yake kwa shida, akasema, "Tumekaa vizuri mpaka taa imetuona marehemu."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Manase alijaribu kuzuia uso wake, akashindwa, akacheka mpaka akashika kabati. Ni Rukaiya peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa ametazama juu, darini, kisha nyuma kwa wenzake, kisha tena darini, akipima kwa macho, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba mfuko wake umetoboka.

"Nimekosea," alisema. "Nimekosea vitu viwili."

"Usijali," Manase alimwambia. "Yatatengenezwa."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini yatabadilisha gharama."

Manase alidhani kwamba jambo lingeishia hapo, kwa sababu katika uzoefu wake ndipo mambo mengi huishia. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kupeleka ngazi za juu makadirio yaliyokuwa mazuri zaidi karatasini kuliko uwanjani, na yalipoonekana kupungua hakuna aliyeandika barua ya pili. Huandikwa barua ya kuomba. Barua ya kupunguza uzuri wa ombi lako mwenyewe, hiyo alikuwa hajawahi kuipokea.

Mjomba Mikidadi alirudi Jumamosi, akaongeza sensa ya pili upande wa nyuma, akazungusha kifungo cha muda mpaka dakika kumi na tano. "Nilikwambia dakika moja ni kali," alisema.

"Uliniambia, mjomba. Nikakuona mwoga."

"Fundi mwoga huzeeka," Mikidadi akajibu, akaomba maji ya kunawa.

Baada ya wiki mbili za masomo mita zikasomwa, na barua ya pili ikafika mezani kwa Manase. Safari hii Agnela aliileta mkononi na kusimama mpaka alipomwona mkuu anaifungua.

Rukaiya alikuwa ameandika kwamba sensa moja haitoshi kwa chumba kirefu. Inaona vizuri chini yake na kandokando, lakini mtu aliyetulia safu ya nyuma haioni. Kila chumba kitahitaji mbili, na waya na ufundi utafika elfu thelathini. Dakika moja haifai mahali watu wanaposoma. Dakika kumi na tano zinafaa, nazo zina faida nyingine, kwamba mirija haitazimwa na kuwashwa mara kwa mara hadi ichakae mapema. Lakini umeme utakaookolewa utapungua kidogo. Tena alikuwa amegundua kwamba asubuhi ya ukungu, taa zikishawaka, sensa haiulizi tena habari ya jua maadamu watu wanajongea. Huzima tu watu wanapotoka kwenda mapumziko ya chai, na wakirudi, jua likiwa limeingia, haziwaki. "Kwa hiyo nilichoahidi kwamba taa zitazima ukungu unapopanda si sahihi kabisa. Zitazima saa ya chai."

Kwa vyumba vyote kumi na viwili gharama ingepanda kutoka laki sita hadi milioni moja na themanini elfu, na fedha ingechelewa sana kurudi. "Sipendekezi tena vyumba vyote," aliandika. "Napendekeza sita tu, vile vilivyo chini ya miti, kwa sababu humo ndimo sehemu kubwa ya upotevu ilimo na ndimo prepo inamofanyika. Gharama ni laki tano na arobaini. Vyumba vya upande wa jua, tangazo la mlangoni linatosha kama litasomwa."

Manase akasoma aya ya mwisho mara tatu.

"Tatu A imetumia chini ya nusu ya umeme wa Tatu B. Lazima nieleze kwamba wiki ya kwanza Tatu B waliposikia kuwa wanashindanishwa nasi walianza kuzima taa kwa mkono, na wiki hiyo tofauti ilikuwa ndogo sana. Wiki ya pili walisahau. Nimeweka wiki zote mbili, kwa sababu nikiweka ya pili peke yake nitakuwa nimedanganya, na nikiweka ya kwanza peke yake itaonekana sensa haina kazi."

"Hukumsaidia?" Manase aliuliza.

"Nilimwambia wiki ya kwanza angeweza kuiacha," Agnela alisema, na hakumtazama usoni. "Nikamwambia Tatu B waliharibu jaribio. Akaniambia hawakuliharibu, waliongeza swali."

Kikao cha bodi ya shule kilifanyika katika maktaba. Mwenyekiti, Mzee Ephraimu, mkulima wa kahawa aliyekuwa amesomesha watoto wanane na kumaliza subira yake kwa wa nne, alitaka kuona karatasi zenyewe, si muhtasari. Manase alikuwa amemwita Rukaiya siku iliyotangulia kumwomba barua ya kwanza.

"Ina wino mwekundu, mwalimu," Rukaiya alikuwa amesema. "Niiandike upya?"

"Iache kama ilivyo."

Sasa Mzee Ephraimu alikuwa ameiinua karibu na miwani yake.

"Hii nani kaisahihisha?"

"Mimi, mzee."

"Umempa kumi na saba."

"Ndiyo."

"Hizo tatu zimekwenda wapi?"

"Niliona ni ndefu."

"Kurasa mbili," Mzee Ephraimu alisema, akizipima kwa vidole. "Ombi lako la paa la bwalo lilikuwa kurasa sita, Mwalimu, na paa bado linatuvujia kwenye uji." Wajumbe wakaguna kwa furaha. Mzee akachukua barua ya pili, akaisoma kimya tangu mwanzo hadi mwisho, kidole kikitembea chini ya mistari. "Huyu mtoto amekuja kutuuzia kitu, halafu amerudi kutuambia tusinunue chote."

"Ndivyo, mzee."

"Basi vyumba sita nampa. Fedha itoke kwenye mauzo ya mboga za shule, ile iliyobaki ya mradi wa kujitegemea. Na hiyo prepo?"

"Nilikuwa nimeisitisha."

"Kwa uniti moja?"

"Kwa uniti moja, mzee," Manase alisema, na hakuongeza kitu, ingawa alikuwa amejiandalia sentensi mbili nzuri za maelezo.

Alipotoka kikaoni alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa matangazo, akang'oa pini nne, akalishusha tangazo lake. Kisha ofisini akaandika jibu. Ilimchukua muda mrefu kuliko barua yoyote aliyoandika mwaka ule, na haikuwa ndefu. Aliweka anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari kilichopigiwa mstari kwa rula, na chini yake "Kupitia kwa Mwalimu wa Darasa." Alieleza kwamba pendekezo limekubaliwa kama lilivyorekebishwa, kwamba prepo itaendelea bila kukatizwa, na kwamba anaomba radhi kwa kuipa alama barua iliyostahili kujibiwa. Aliisoma akitafuta kosa. Akamkabidhi Agnela, ambaye naye aliisoma, akatia sahihi pembeni na kuandika, "Nimehakiki."

Septemba ikaja na jioni zake kavu. Manase alikuwa na kawaida ya kupita barazani kabla ya kwenda nyumbani, zamani kwa ajili ya kuzima taa. Sasa safu ya chini ya miti ilikuwa giza isipokuwa vyumba vitatu. Alisimama nje ya dirisha la Tatu A, mahali ambapo hawangemwona, kwa sababu wakimwona wangesimama wote kumwamkia na kurasa zingepotea.

Rukaiya alikuwa safu ya nyuma kabisa, kidole gumba kwenye shavu, daftari la Fizikia limefunguliwa. Wote walikuwa wametulia. Kisha, bila mtu kuinua macho wala kusema neno, mkono mmoja wa safu ya tatu ukanyanyuka juu, ukapunga hewa mara moja, ukarudi kwenye kitabu. Baada ya muda ukanyanyuka mwingine, wa Namnyaki. Hakukuwa na haja tena. Dakika kumi na tano zilitosha na sensa zilikuwa mbili. Lakini wasichana walikuwa wameifanya zamu, kila amalizaye sura anapunga, na inaelekea hii hawakuisahau wiki ya pili.

Manase alijikuta naye ameinua mkono kidogo pale gizani, nje ya kioo. Akaushusha, akafunga vifungo vya koti, akaelekea getini.